Jino la mwamba, mtaro na ukuta wa gabioni: jiwe litatua wapi?

*Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya barabara ya mtaa wetu, karibu na Kigoma mjini, upande wa ziwani. Barabara imekatwa mlimani. Genge ni karibu wima, urefu mita 15 toka usawa wa lami. Chini yake kuna mtaro wa upana wa mita 3 na kina cha sentimita 80, ingawa sasa umejaa udongo nusu, halafu bega la barabara mita 2 na nusu, ndipo lami. Kwenye genge, kama mita 5 juu ya barabara, mwamba mmoja umetokeza nje nusu mita kama jino. Masika iliyopita mawe yalianguka mara kadhaa, makubwa yakiwa na kipenyo cha sentimita 60 hivi, na mengine yaliacha mashimo kwenye lami mita 1 hadi 2 ndani ya barabara. Fundi ametushauri tujenge ukuta wa gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, wa kimo cha mita 1 ukingoni mwa mtaro. Je, utatosha, au tupanue mtaro kwanza?*

Ndugu Mwenyekiti, salaam. Kwa hali ilivyo leo ukuta huo hautatosha, na mtaro ukipanuliwa peke yake hautatosha pia. Mashimo uliyoyaona kwenye lami yanatokana na jino lile. Liondolewe kwanza, kisha mtaro usafishwe na kupanuliwa kidogo, na ukuta wa gabioni ujengwe mwisho, mahali tofauti na pale alipopendekeza fundi. Mpangilio huo una sababu zake, na ningependa uzielewe vizuri, kwa kuwa wewe ndiye utakayezitetea mbele ya wananchi na mbele ya wahandisi wa TARURA.

Watu wengi hudhani kwamba kadiri genge linavyokuwa wima ndivyo mawe yanavyorushwa mbali. Mambo hayaendi hivyo. Mwaka 1963 mwanajiolojia wa jimbo la Washington nchini Marekani, Arthur Ritchie, alitoa matokeo ya kazi ya kuporomosha mawe mamia kwenye miteremko ya aina mbalimbali huku akiyapiga picha za filamu, ili aone kila jiwe linasafiri vipi. Aligundua kwamba pembe ya mteremko ndiyo inayoamua mwendo wa jiwe. Penye mteremko mkali kuliko nyuzi 75 hivi jiwe hudondoka hewani na kutua karibu na mguu wa genge. Kati ya nyuzi 75 na 45 hugonga mwamba na kudunda, na huko ndiko linakopata msukumo wa kwenda nje. Chini ya nyuzi 45 hubingirika likiwa limeshikana na ardhi. Genge lako, kwa kuwa ni karibu wima, lingepaswa kuangusha mawe yake mtaroni, tena karibu kabisa na ukuta wa mwamba. Yanapofika katikati ya njia ya magari, maana yake kuna kitu kimeyapokea njiani na kuyageuza, na katika maelezo yako kitu cha namna hiyo ni kimoja tu.

Tulifuate jiwe moja kuanzia juu. Limechomoka kwenye ukingo wa genge, mita 15 juu ya lami, likadondoka mita 10 hadi kwenye jino. Kasi yake linapofika hapo ni mzizi wa mraba wa 2 × 9.81 × 10, yaani mita 14 kwa sekunde, na yote inaelekea chini. Kama lisingekutana na jino, lingeendelea kushuka vivyo hivyo hadi mtaroni, na wewe usingekuwa na sababu ya kuniandikia. Sasa tuchukulie kwamba uso wa juu wa jino umeinamia barabarani kwa nyuzi 45. Ile kasi ya mita 14 inagawanyika sehemu mbili zilizo sawa, kila moja karibu mita 9.9 kwa sekunde: moja inakandamiza uso wa mwamba, nyingine inateleza juu yake kuelekea nje na chini. Baada ya kugonga, jiwe halibaki na kasi yake yote. Kwenye mwamba mgumu ulio wazi, wanaofanya hesabu hizi hukadiria kwamba sehemu iliyokandamiza inarudi kwa asilimia 35 hivi, na sehemu iliyoteleza inabaki kwa asilimia 85 hivi. Tukiziunganisha upya, jiwe linaondoka kwenye jino likiwa na kasi ya mita 8.4 kwa sekunde kuelekea barabarani na mita 3.5 kwa sekunde kuelekea chini.

Kutoka hapo limebakiwa na mita 5 za kushuka hadi usawa wa lami, na litazimaliza kwa sekunde 0.71. Katika muda huo mfupi linasafiri mita 6 kwa mlalo. Mtaro na bega la barabara kwa pamoja ni mita 5 na nusu. Kwa hiyo jiwe limevuka vyote viwili na kutua ndani ya lami, na bado sijaongeza ile nusu mita ambayo jino lenyewe limetokeza; nimeiacha ili hesabu isiwe nzito, lakini ukiijumlisha linafika mbali zaidi.

Sasa badilisha pembe ya jino uone. Uso wake ukiwa mkali zaidi, nyuzi 60, jiwe linaparuza tu na kutua mita 3.6 kutoka kwenye jino. Ukiwa umelala zaidi, nyuzi 30, linarushwa juu kidogo kabla ya kuanza kushuka, linakaa hewani zaidi ya sekunde nzima, na linatua mita 7.9 kutoka kwenye jino. Mashimo yako yako mita 1 hadi 2 ndani ya lami, yaani mita 6.5 hadi 7.5 toka mguu wa genge. Ukitoa nusu mita ya jino unapata mita 6 hadi 7, umbali unaoangukia katikati ya nyuzi 45 na nyuzi 30. Kabla hujakubaliana nami, mtume kijana mmoja asimame pembeni kabisa, mahali anapoliona jino kwa ubavu, alipige picha kwa simu huku ameshika uzi wa timazi mbele ya kamera. Kwenye picha hiyo uzi ndio wima wako wa kweli, na pembe ya jino, ikihesabiwa toka mstari wa mlalo unaokata uzi huo kwa nyuzi 90, unaweza kuipima kwa kipimapembe cha mwanafunzi. Ikitoka kati ya nyuzi 30 na 45, mashimo na hesabu vimekubaliana. Ikitoka mbali na hapo, kwa mfano nyuzi 65, basi kuna jambo jingine genge hilo halijatuonyesha, na uniandikie tena kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Turudi kwenye ukuta wa fundi. Yeye anataka kuuweka ukingoni mwa mtaro, mita 3 kutoka kwenye mguu wa genge. Lile jiwe letu la nyuzi 45 linapopita juu ya mstari huo limeshasafiri hewani sekunde 0.36 na limeshuka chini kidogo ya mita 2, kwa hiyo lipo mita 3.1 juu ya usawa wa lami. Gabioni ya mita 1 ingelitazama likipita mita 2 juu yake. Ili kulizuia pale ungehitaji ukuta wa mita 4 hivi, ukihesabu nusu ya unene wa jiwe na nafasi ya tahadhari, na ukuta wa namna hiyo ungetaka msingi mpana kuliko nafasi yote uliyonayo.

Hapa ndipo watu wanapokosea mara nyingi: mazungumzo yote huwa ya nguvu ya ukuta, na kimo cha jiwe linapopita hakiulizwi. Jiwe la kipenyo cha sentimita 60, likikaribia umbo la mpira, lina uzito wa kilo 300 hivi. Likiupita mstari wa ukuta lina nishati ya kilojuli 18, na likifika kwenye lami lina kilojuli 27, pamoja na nyongeza ya asilimia 10 au zaidi kidogo kwa sababu ya kujizungusha. Kwa gari au bodaboda hiyo ni ajali ya kuua, maana ni kilo 300 zinazokuja kwa karibu kilomita 50 kwa saa. Lakini kwa gabioni iliyojazwa vizuri, yenye upana wa mita 1, ni pigo linalovumilika: waya utakatika mahali pale, mawe ya ndani yatasogea, na fundi atashona upya. Ukuta wa fundi wako una nguvu ya kutosha kwa mawe ya ukubwa huu. Upungufu wake ni kwamba jiwe halitaugusa.

Nina sababu ya kulisemea hili kwa mkazo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa msaidizi kwenye mradi mmoja wa barabara ya mlimani, nami nilikuwa mmoja wa waliopitisha ukuta wa aina hii bila kuhesabu njia ya jiwe. Mvua za kwanza zilipokwisha tulikuta ukuta umesimama mzima, hauna hata mkwaruzo, na nyuma yake kwenye lami kuna mashimo mapya matatu. Nilichuchumaa kwenye shimo moja; lilikuwa na umbo la yai, upande wa mlimani umechimbika kwa mteremko, upande wa pili umekatika wima, na unga mweupe wa jiwe lililosagika ulikuwa bado umeshikilia kwenye lami. Umbo hilo linakuambia jiwe lilitoka upande gani. Nenda ukayaangalie mashimo yako kwa namna hiyo hiyo. Yenye umbo la yai lililoelekezwa moja kwa moja kwenye jino yanathibitisha maneno yangu. Likipatikana la duara kabisa, lenye kina kikubwa, huenda jiwe hilo lilitoka juu zaidi na lilishuka karibu wima.

Ni haki nikuambie pia hesabu hizi zinafika wapi. Zile asilimia 35 na 85 ni makadirio. Mwamba uliooza juu unameza pigo zaidi; mwamba mbichi unarudisha zaidi. Jiwe lenye pembe likigonga kwa kona linaweza kuruka upande usioutarajia. Na miamba ya mchanga iliyolala kwa matabaka, ambayo utaiona sehemu nyingi za ukingo wa ziwa hapo Kigoma, hutoa mawe bapa kama vigae vinene, na kigae kikisimama kwa ubavu hubingirika kama gurudumu na kwenda mbali kuliko jiwe la mviringo lenye uzito uleule. Ndiyo maana programu za kompyuta zinazotumika kwa kazi hii hazirushi jiwe moja. Hurusha mawe mamia au maelfu, kila moja likipewa bahati yake, halafu hukuonyesha ni sehemu gani kati ya hayo ilifika wapi. Mimi nimerusha moja kwa kalamu. Linatosha kuonyesha chanzo cha tatizo, kwa kuwa tofauti kati ya kuwa na jino na kutokuwa nalo ni kubwa kuliko kosa lolote lililomo katika makadirio yangu. Halitoshi kukuahidi kwamba hakuna jiwe litakalovuka mita 8.

Kuliondoa jino kunahitaji watu wanaojua kazi hiyo. Majino ya namna hii kwa kawaida hutokea pale tabaka gumu linapokaa juu ya tabaka laini: mvua na jua vinakula lile laini, gumu linabaki limening'inia. Kwa hiyo kabla ya kuligusa, mtu aliyefungwa kamba kutoka juu, kwenye nanga mbili zisizotegemeana, ashuke akague mambo mawili. La kwanza ni nyufa zilizo nyuma ya jino: je, jino limeshikana na genge, au limekwisha kuachana nalo na linakaa kwa uzito wake tu? La pili ni kile kilicho juu yake, kwa sababu wakati mwingine jino ndilo linaloegemewa na mwamba mkubwa zaidi, na ukilitoa unakuwa umevuta tofali la chini. Asipoona hatari hiyo, kazi inaanzia juu ya genge na kushuka. Mawe yote yaliyolegea yanaangushwa kwanza kwa mtalimbo, ndipo jino linachongwa kwa nyundo ya upepo au kupasuliwa kwa vyuma vya kabari vinavyogongwa kwenye matundu. Baruti ningeiepuka mahali kama hapo. Pigo kubwa hulegeza hata mwamba uliokuwa salama, na genge lililolipuliwa ovyo huendelea kuangusha mawe kwa miaka mingi. Barabara ifungwe pande zote mbili muda wote wa kazi, na kazi isifanyike siku ya mvua wala asubuhi inayofuata mvua kubwa. Asitokee mtu wa kulidokoa jino kwa mtalimbo akiwa amesimama mtaroni, hata kama ni fundi hodari. Likichomoka, mtaro ndiko litakakoangukia.

Si lazima jino lote litoke. Ikionekana kwamba kulitoa lote ni hatari, linaweza kuchongwa uso wake wa juu ili lisibaki na mteremko wa kurushia mawe. Kumbuka hesabu ya juu: mteremko wa kati, wa nyuzi 30 hadi 45, hurusha mawe hadi kwenye lami. Ukichongwa hadi nyuzi 75 na zaidi, jiwe litaparuza tu na kushuka mtaroni.

Jino likishatoka, ndipo mtaro unapata nafasi ya kufanya kazi yake. Ritchie aliacha vipimo ambavyo wahandisi wanavitumia hadi leo kama mahali pa kuanzia: kwa genge lililo karibu wima na lenye urefu wa mita 10 hadi 20, mtaro wa upana wa mita 4.6 na kina cha mita 1.2. Wako una mita 3, na kina chake kwa sasa ni sentimita 40 tu kwa sababu ya udongo. Bahati nzuri una bega la barabara la mita 2 na nusu. Chukua mita 1 ya bega iingie mtaroni, upana uwe mita 4. Kisha weka ule ukuta wa gabioni juu ya mita 1 inayofuata, nusu mita ibaki kati ya ukuta na lami kwa ajili ya maji na kwa ajili ya vioo vya magari. Mtaro ukichimbwa upya hadi sentimita 80, na ukuta ukiwa wa mita 1 juu ya usawa wa barabara, jiwe lililotua chini linakutana na kikwazo cha mita 1.8 kilichosimama wima. Kwa upana umepungukiwa sentimita 60 kulingana na kipimo cha Ritchie, lakini kwa kina umezidi, na kwa nafasi uliyonayo kati ya genge na ziwa hiyo ndiyo biashara nzuri inayopatikana.

Utaona kwamba sasa gabioni imebadilishiwa kazi. Badala ya kudaka mawe yanayoruka, inazuia mawe ambayo yamekwisha kutua na bado yana mwendo wa kubingirika. Tofauti hii ilichunguzwa kwa kina katika jimbo la Oregon, ambako watafiti waliangusha zaidi ya mawe 11,000 kutoka kwenye magenge ya mita 12, 18 na 24, wakachapisha mwongozo wao mwaka 2001. Kila jiwe walilipima mara mbili: mahali lilipotua mara ya kwanza na mahali liliposimama. Walijaribu mtaro wenye sakafu tambarare na mitaro ambayo sakafu yake inainamia kwenye genge, na iliyoinama zaidi, mita 1 ya kushuka kwa kila mita 4 za upana, ndiyo iliyozuia mawe vizuri zaidi, kwa sababu jiwe linalotaka kubingirika kwenda barabarani linalazimika kupanda. Kwa hiyo mwambie mwenye kijiko asisawazishe sakafu. Upande wa genge uwe chini kuliko upande wa barabara kwa karibu mita 1, yaani ukifikisha sentimita 80 upande wa barabara, mguuni mwa genge upate mita 1.8, mradi mkaguzi awe ameridhika kwamba mguu wa genge umekaa juu ya mwamba imara. Ukikutana na tabaka laini hapo, usilichimbe chini. Punguza mwinamo, ridhika na kidogo.

Sakafu yenyewe iwe ya udongo uliolegea, mchanga au kokoto ndogo. Nalisema hili kwa sababu nimeona mara nyingi mitaro ya chini ya magenge ikijengewa mawe na saruji ili maji yapite vizuri, na kwa maji ni jambo jema, lakini jiwe likitua juu ya saruji hudunda, ilhali kwenye mchanga huzama na kutulia. Kama maji ya mvua ni mengi, mjengee maji mfereji wake mwembamba wa saruji, na upana uliobaki uachwe na udongo wake.

Baada ya haya yote bado kuna mawe ambayo mpango huu hautayazuia, na ni vema kamati iyajue. Mwamba wenye upana, urefu na kimo cha mita 1 una uzito wa tani 2.6 hivi, na kwa kasi ileile ya jiwe letu ungefika ukiwa na zaidi ya kilojuli 230. Gabioni moja haiwezi mzigo huo. Vyandarua vya chuma vya kuzuia mawe vinauzwa kwa madaraja ya nishati, kuanzia kilojuli 100 hadi zaidi ya 4,500, lakini hufanya kazi kwa kubonyea mita kadhaa kuelekea barabarani wakati vinapopigwa, na wewe una nusu mita tu. Miamba mikubwa kiasi hicho lazima ishughulikiwe palepale ilipo, kwa kufungwa na nondo zilizozamishwa kwenye mwamba au kwa kuvunjwa vipande vidogo na kushushwa. Yule mtu wa kamba aihesabu akiwa juu, na kila mmoja autie alama ya rangi pande zote mbili za ufa wake. Alama zikija kuachana, mwamba unatembea.

Jambo la pili ni mlima ulio juu ya genge. Hesabu yangu yote imeanzia kwenye ukingo, jiwe likiwa limesimama. Jiwe linalobingirika kutoka shambani mita 50 juu linafika ukingoni tayari likiwa na mwendo wa kwenda mbele, na hilo huruka mtaro bila kuhitaji jino lolote. Utalitambua kwa sura yake: mawe yaliyochomoka kwenye genge lenyewe yana nyuso mpya, zenye rangi mbichi na kona kali, wakati yaliyotoka mlimani yamevaa weusi wa miaka na kona zake zimelika. Yachunguze mawe ya masika iliyopita kama bado yapo pembeni mwa barabara. Ukikuta hata moja la aina ya pili kati ya yale yaliyofika kwenye lami, upande wa juu nao unatakiwa kutembelewa, na huenda ukahitaji kizuizi kifupi huko juu, nyuma ya ukingo, kabla jiwe halijapata kasi.

Mwisho ni udongo. Mtaro wako ulikuwa wa sentimita 80 na leo ni 40, na udongo huo haukuingia bila kufuata kanuni. Hulundikana mguuni mwa genge kwa mteremko unaoelekea barabarani, na mteremko huo hulifanyia jiwe kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na jino, isipokuwa kwa kasi ndogo zaidi ya kuruka na kubwa zaidi ya kubingirika. Kwa hiyo usafishaji upangwe Septemba, kabla mvua hazijaanza, na urudiwe katikati ya msimu, siku kavu, genge likiwa limekaguliwa kwanza. Ili mtu yeyote wa mtaa aweze kujua wakati umefika, upande wa gabioni unaotazama mtaroni upakwe mstari mwekundu kila baada ya mita 10, na chini ya kila mstari isimikwe nguzo fupi ya chuma hadi kwenye sakafu ya mtaro, yenye alama sentimita 30 kutoka chini. Alama hiyo ikifunikwa na udongo katika nguzo yoyote, kijiko kiitwe.